Baba anahesabu kila shilingi, binti anataka kuacha chuo

Barua

Dada mshauri, salaam kutoka Igurusi.

Mimi ni mkulima wa mpunga, nina watoto watatu. Huyu wa kwanza, binti, amemaliza kidato cha sita na amechaguliwa chuo cha serikali Dodoma kusomea ualimu. Chuo kinafungua mwanzoni mwa Novemba. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu, kwa hiyo sina wa kumuuliza.

Nilinunua kaunta buku nikaandika kila kitu, mpaka dawa ya meno. Ada 1,200,000. Michango ya chuo 100,000. Bima ya afya 50,400. Hosteli 150,000. Chakula nimeweka 3,000 kwa siku, siku 240, inakuwa 720,000, maana mchele atabeba wa nyumbani. Kompyuta 600,000. Godoro, ndoo na vitu vya chumba 200,000. Vitabu 200,000. Nauli za mwaka 160,000. Jumla ni 3,380,400. Nimerudia kujumlisha mpaka namba nimezikariri.

Nilicho nacho ni gunia 40 za mpunga zilizoko mashineni, na kumi kati ya hizo ni chakula chetu. Leo gunia linakwenda 60,000, wenzangu wanasema tusubiri, mwezi wa pili litafika 85,000. Kwenye simu nina 400,000. Shamba la msimu ujao linataka kama 800,000 za trekta, mbolea na vibarua wa kupandikiza. Mama yao ana kikoba kinachovunjwa Desemba, sijui kuna kiasi gani. Binti ameomba mkopo wa serikali, majibu bado. Jirani ananishauri niuze mpunga wote sasa, na pengo nizibe kwa mkopo wa mtaani, riba asilimia 20 kwa mwezi.

Juzi nilimwita binti nikamsomea hesabu yote, ili ajue anakokwenda. Alinyamaza, kisha akasema, "Baba, kama ni hivi basi niache nikafundishe chekechea hapa hapa." Tangu siku hiyo hataki kulisikia daftari. Mama yake anasema nimemvunja moyo mtoto kwa ubahili. Mimi si bahili, dada. Nahesabu kwa sababu ni kidogo. Nifanyeje?

*Baba wa binti, Igurusi*

Jibu

Kaka yangu, shikamoo, na hongera kwa binti.

Nimefanya kazi dirisha la uhasibu la chuo kwa miaka mingi, na wazazi niliokuwa nawaonea huruma zaidi ni wale waliokuja na fedha nyingi bila hesabu, zikaishia njiani. Wewe una hesabu, na karibu kila mstari wako ni wa kweli. Endelea kuhesabu. Kitu kimoja tu kinakosekana kwenye daftari lako: tarehe. Hakuna siku hata moja ambayo mtu atasimama mbele yako akadai 3,380,400. Fedha hiyo inadaiwa kwa vipande, na si vyote vinadaiwa kwako. Chukua ukurasa mpya, uchore mistari uugawe sehemu tatu: kuanzia siku ya kuripoti mpaka bumu la kwanza, kuanzia hapo mpaka mitihani ya muhula wa kwanza, halafu muhula wa pili, ambao kwa kawaida huanza kama mwezi wa tatu. Tuanze na sehemu ya kwanza, maana ndiyo inayowaangusha wengi.

Bumu, kama hujalizoea jina hilo, ni fedha ya chakula na malazi ambayo Bodi ya Mikopo inampa mwanafunzi aliyepata mkopo. Kiwango chake kamili ni shilingi 10,000 kwa siku, na hutolewa kwa mafungu. Fungu la siku 60 ni 600,000. Wazazi wengi wanajua hilo, kisha wanampakia mtoto kwenye basi na shilingi 100,000, wakiamini bumu litamkuta chuoni. Halimkuti. Kabla halijatoka ni lazima awe amesajiliwa chuoni, akaunti yake ya benki iwe imeingizwa kwenye mfumo, jina lake lithibitishwe na chuo, naye ajiandikishe na kusaini. Jina la benki likitofautiana herufi moja na la cheti, anarudi kwenye foleni. Kwa uzoefu wangu, panga wiki sita ambazo hakuna fedha ya Bodi mkononi mwake. Likija mapema, vizuri. Likichelewa, binti yako hatakuwa anaomba chakula kwa wenzake, na ukweli ni kwamba binti wa mwaka wa kwanza mwenye njaa katika mji asioujua hupata wafadhili wasio wema haraka sana.

Sasa tuhesabu wiki hizo sita kwa namba zako. Nauli ya kwenda, 40,000. Michango ya chuo, 100,000. Bima, 50,400. Hosteli, muhula mmoja tu, 75,000. Vitu vya chumba nimevishusha mpaka 120,000, nitakuambia kwa nini. Steshenari, 50,000. Fedha ya dharura, vocha na mahitaji yake binafsi, 80,000.

Kwenye chakula sikubaliani na daftari lako. Umeweka 3,000 kwa siku kwa sababu mchele utatoka nyumbani, na naelewa, mkulima wa Igurusi kununua sahani ya wali inauma. Lakini muulize kwanza kama hosteli inaruhusu kupika. Hosteli nyingi za vyuo zinakataza majiko chumbani, na ukaguzi ukipita jiko linachukuliwa. Nimewaona watoto wakikaa na kiroba cha mchele chini ya kitanda muhula mzima huku wananunua chipsi. Mchele wa nyumbani una maana kama atapanga chumba mtaani chenye jiko, na hapo kodi inakula ulichookoa. Kwa hosteli weka 5,000 kwa siku: chai na chapati asubuhi, wali maharage mchana, ugali na mboga jioni. Siku 42 ni 210,000.

Jumlisha: 725,400. Hiyo ndiyo namba inayokudai mwanzoni mwa Novemba kabla hatujagusa ada. Kwenye simu una 400,000. Pengo ni 325,400, na gunia sita kwa bei ya leo ni 360,000. Jirani alikuambia uuze mpunga wote. Kwa wiki hizi sita unahitaji kuuza sita.

Kuhusu mkopo wa mtaani, tuupige hesabu kwa shilingi zile zile. Ukiuza gunia sita leo badala ya mwezi wa pili, na kama bei kweli itafika hiyo 85,000, umepoteza 25,000 kwa kila gunia, jumla 150,000. Ukikopa 360,000 kwa asilimia 20 kwa mwezi ukasubiri miezi minne, riba peke yake ni 288,000, na mpunga ungali mashineni, unaliwa na panya, na bei ya mwezi wa pili hakuna aliyekuwekea saini. Watu hawaiiti mikopo hiyo kausha damu kwa utani. Uza gunia. Kingine, usikoboe zaidi ya unachouza siku hiyo, kwa sababu mpunga na ganda lake unakaa, lakini mchele ukishakobolewa wadudu hawachelewi.

Sasa ada. Hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu wazazi waangalifu kama wewe ndio wanaonaswa. Usiuze gunia 20 ukalipa 1,200,000 yote kabla ya majibu ya mkopo. Bodi inapotoa mkopo inaugawa kwa vipengele: ada ya mafunzo, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, na kadhalika. Kipengele cha ada hakipiti mkononi mwa binti, Bodi inakilipa chuo moja kwa moja. Kama wewe umeshalipa yote na Bodi nayo ikalipa, fedha yako inabaki kwenye vitabu vya chuo. Utaambiwa uandike barua ya kurejeshewa, au ihamishiwe mwaka wa pili. Haipotei, lakini haitakuwa shambani mwako Januari vibarua wanapotaka kulipwa. Nimepokea barua nyingi za namna hiyo na najua zinavyotembea polepole.

Majibu ya mkopo kwa kawaida huanza kutoka Oktoba, kwa awamu, kwa hiyo jina lisipokuwepo awamu ya kwanza si mwisho wa habari. Binti ana akaunti yake kwenye mfumo wa Bodi, inaitwa SIPA, humo ndimo ataona amepangiwa nini. Akikuonyesha, usitazame jumla kuu. Tazama mstari wa ada peke yake, halafu mstari wa chakula na malazi peke yake. Watoto wawili wanaweza kupata jumla inayokaribiana huku mmoja akidaiwa nusu ya ada na mwingine asidaiwe kitu.

Tuseme amepangiwa asilimia 60 ya ada. Inayobaki kwako ni 480,000 kwa mwaka. Vyuo vingi vinakubali ada kwa muhula, na hilo lipo kwenye fomu ya kujiunga, kwa kawaida kurasa za nyuma karibu na namba za benki. Kwa hiyo Novemba ni 240,000, gunia nne. Umeuza kumi kati ya 40. Kumi ni chakula, zimebaki 20. Trekta na mbolea na vibarua, 800,000, ni gunia 14 kwa bei ya leo, na hata hizo huuzi siku moja, unauza kadiri kazi ya shamba inavyofika, trekta kwanza, vibarua wa kupandikiza mwisho. Zinabaki gunia sita, ambazo ndizo zinaweza kusubiri mwezi wa pili. Zikifika 85,000, ni 510,000: ada ya muhula wa pili 240,000, hosteli 75,000, nauli ya kurudi nyumbani na kwenda tena 80,000, na unabakiwa na 115,000. Bei isipopanda kabisa, gunia sita ni 360,000, unapungukiwa 35,000. Hapo ndipo kikoba cha mama yao kinapoingia, na nitakirudia.

Huenda unaogopa mkopo wenyewe, maana neno mkopo kwa mkulima limeshabeba mengi. Huu ni wa binti, atalipa yeye. Makato huanza baada ya kumaliza, na akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inawaliza watu, serikali iliifuta mwaka 2021. Kuulinganisha na wa jirani yako haiwezekani.

Sasa upande ambao hutaki kuuwaza, asipopata kitu. Nusu ya ada ni 600,000, gunia kumi. Ukijumlisha na zile sita ni 16. Zilizobaki ni 24, na kumi mnakula na 14 zinalima shamba. Mpaka hapo umepita, lakini hujafika Krismasi. Baada ya wiki zile sita chakula chake kinaendelea, 5,000 kila siku, karibu 150,000 kwa mwezi, bila bumu la kukupokea. Halafu muhula wa pili, ada 600,000 nyingine. Kwa mpunga ulionao mwaka huo haumaliziki, na ukiuza chakula na mbegu za shamba ili umalize muhula mmoja, utakuwa na mwanafunzi asiyeweza kufanya mitihani na shamba lisilolimwa. Kwa hiyo akikosa, kuna mambo ya kufanya kwa mfuatano huu. Kwanza rufaa, Bodi hufungua dirisha lake baada ya kupanga mikopo. Rufaa haisaidiwi na maneno ya huzuni. Husaidiwa na karatasi: kama kaya yenu iko kwenye orodha ya TASAF, kama kuna ulemavu, kama kuna kifo cha mzazi au mlezi aliyekuwa anasomesha. Kagua pia kama cheti chake cha kuzaliwa kilihakikiwa RITA na kama namba zilizoandikwa ni sahihi, kwa sababu maombi mengine yanakwama kwa hilo tu na mwenyewe anadhani amenyimwa. Rufaa ikiwa bado inasubiriwa, aulize chuo na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kuhusu uhamisho kwenda chuo cha Mbeya mjini chenye kozi hiyo. Kama kuna ndugu Uyole au Mwanjelwa wa kumlaza na kumlisha, mistari ya hosteli na chakula inafutika karibu yote, na hiyo ni zaidi ya milioni moja. Vyote vikishindikana, aombe kwa maandishi kuahirisha mwaka, mapema, kabla ya kulipa ada. Mwanafunzi aliyeruhusiwa na chuo kuahirisha ana nafasi yake. Aliyetoroka katikati ya muhula kwa kukosa ada ana deni, na nafasi ya kurudi ni ya kubembeleza.

Turudi kwenye vitu nilivyovishusha. Kompyuta usiinunue sasa. Kwa kozi ya ualimu muhula wa kwanza unapita kwa maabara ya kompyuta ya chuo, maktaba na simu. Angekuwa anakwenda kusomea kompyuta yenyewe ningesema vingine. Bumu likija kamili, 10,000 kwa siku, akala na kutumia 6,000, anabakiza 240,000 kwa kila fungu. Mafungu mawili ni 480,000, anapata iliyotumika lakini nzima, akiijaribu bila waya wa umeme angalau saa nzima kabla ya kulipa, kwa sababu betri ndiyo hufa kwanza. Hapo umeondoa 600,000 kwenye daftari lako bila kumnyima kitu.

Vitabu vya 200,000 hakuna anayenunua siku ya kwanza. Wahadhiri wanatoa orodha, wanafunzi wanakwenda maktaba au wanatoa kopi sura wanazohitaji. Elfu hamsini inatosha kuanzia, na mkopo una kipengele chake cha vitabu na viandikwa. Godoro usilisafirishe. Apige simu hosteli kujua kama chumba kina godoro, na kama hakina, atanunua Dodoma, maana gharama ya mzigo kwenye basi na pikipiki ya kulifikisha chuoni inakaribia kuwa godoro lingine. Ila ndoo mbili za mifuniko, shuka, kandambili na pasi abebe vya nyumbani vilivyopo.

Malipo yote ya chuo yafanyike kwa namba ya malipo iliyotoka kwenye akaunti ya binti, na kabla hujabonyeza kukubali, soma jina linalotokea kwenye simu. Wiki za kufungua chuo kuna watu wanapiga simu wanajiita maofisa wa hosteli, wana kitanda kimoja kimebaki, tuma sasa hivi. Ofisa wa chuo hapokei fedha kwa namba yake binafsi.

Nimesoma mistari yako mara mbili na kuna kitu hakimo. Umeandika mpaka dawa ya meno, hujaandika taulo za kike. Silaumu, ni mambo ambayo baba wa kwetu hayatamki na binti hayasemi mbele yake. Lakini zinanunuliwa kila mwezi, na binti asipokuwa na fungu lake hulitoa kwenye chakula. Ndiyo maana nimeweka ile 80,000 na kuiita yake. Usiulize matumizi yake.

Na hapo ndipo lilipo jambo la ukimya wa juzi. Ulimsomea jumla, na yeye alichosikia ni bei yake. Mtoto wa kwanza wa mkulima anajua thamani ya gunia kuliko unavyodhani, ameyaanika na kuyapepeta mwenyewe. Ukimwambia 3,380,400 anayabadilisha kichwani kuwa magunia, anaona ghala tupu na wadogo zake wamekaa pembeni. Kutaka kufundisha chekechea si uvivu wala dharau, alikuwa anajaribu kukuokoa.

Kwa hiyo usimsomee tena. Mpe kalamu. Mkalie chini jioni moja, wewe, yeye na mama yake, mfungue ukurasa mpya wenye sehemu tatu, na sehemu ya wiki sita aiandike yeye kwa mkono wake. Mwambie, "Mwanangu, mpaka bumu lije una 725,000, chuo kinachukua hizi, zilizobaki zipange wewe." Ataandika vitu ambavyo hukuvijua na atafuta vingine ulivyodhani ni lazima. Mabinti wanajua bei ya shuka la mtumba Mwanjelwa kuliko sisi. Mstari ambao hautauelewa, mama yake ataufahamu, wewe uupite.

Kikoba nacho kizungumzwe hapo hapo, kwa adabu. Hiyo ni fedha ya mama yao, kaitafuta kwa hisa za kila wiki, na huenda ameshaipangia kazi. Usimuulize ana kiasi gani. Muulize kama anaweza kusimamia kitu kimoja chenye tarehe baada ya Desemba, kwa mfano hosteli ya muhula wa pili, 75,000. Akisema ndiyo, lile pungufu la 35,000 tuliloliona bei ikigoma limekwisha, na unabakiwa na 40,000. Nadhani pia neno ubahili litapungua nyumbani akishauona ukurasa wenyewe badala ya kusikia jumla.

Kutuma fedha, usitume kila siku wala kila anapopiga simu, makato ya kutuma na kutoa yanakula sahani ya wali kila mara. Aondoke na ya wiki mbili mkononi na benki, kisha umtumie kila baada ya wiki mbili 70,000 ya chakula, siku moja inayojulikana, bila yeye kuomba. Siku bumu likiingia akuambie, na wewe uache kutuma chakula siku hiyo hiyo. Mkubaliane hilo kabla hajapanda basi, kwa sababu fungu la kwanza la 600,000 likiingia kwa mara moja kwenye akaunti ya mtoto ambaye hajawahi kushika laki, siku 60 zinaonekana mbali. Mwache aligawe kwa wiki, aweke kwenye karatasi, akutumie picha ya karatasi hiyo mara moja tu. Baadaye ni la kwake.

Kazi zako mpaka Novemba ni hizi tu: uza gunia sita wiki ya mwisho ya Oktoba, mwambie mwenye mashine zilizobaki hazikobolewi, na gunia za ada zisiguswe mpaka binti akuonyeshe mstari wa ada kwenye SIPA. Ukishauona, niandikie asilimia aliyopata, tupange muhula wa pili.